Nondo Zilizowaangusha Majabari wa Chuma

Nondo ni chuma kisicho na makuu. Fundi akishaisuka na kuimwagia zege, hakuna atakayeiona tena. Hakuna anayeuliza kama uso wake ni laini au rangi yake inavutia. Inatakiwa tu ishikane na zege na isikatike. Kwa sababu hiyo nondo huweza kutengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, na ndivyo zinavyotengenezwa nyingi kati ya zile zinazouzwa madukani kwetu Afrika Mashariki. Skrepu inayokusanywa mitaani huishia kwenye tanuru la umeme na kurudi mjini ikiwa nondo.

Nchini Marekani, chuma hiki cha bei ya chini ndicho kilichokuwa mlango walioingilia watu waliokuja kuangusha baadhi ya kampuni kubwa kuliko zote katika historia ya viwanda. Aliyeipa habari hiyo umaarufu ni Clayton Christensen, aliyekuwa profesa wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard hadi alipofariki mwaka 2020. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 aliuliza swali ambalo bado linawasumbua wakurugenzi wengi: kwa nini kampuni yenye fedha, wahandisi hodari, wateja waaminifu na viongozi makini hushindwa na mgeni asiye na kitu? Jibu lake lilikuwa chungu. Mara nyingi kampuni hiyo hushindwa kwa kufanya kile hasa ambacho meneja mzuri hufundishwa kufanya.

Kabla ya miaka ya 1960, karibu chuma chote cha Marekani kilitoka kwenye viwanda vikubwa vilivyoanza kazi tangu kwenye mawe yenyewe. Mawe ya chuma yalichimbwa na kuingizwa kwenye tanuru refu pamoja na koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, na chokaa. Hewa ya moto ikapulizwa kutoka chini, na chuma kikayeyuka na kutiririka. Kiwanda cha namna hiyo kilihitaji bandari au reli yake, maelfu ya wafanyakazi, na mtaji ambao leo tungeuhesabu kwa mabilioni ya dola. Kilipaswa kuzalisha mamilioni ya tani kwa mwaka ndipo gharama zake zirudi. Kampuni za U.S. Steel na Bethlehem Steel ndizo zilizoongoza. Bethlehem ndiyo iliyotoa chuma cha Daraja la Golden Gate kule San Francisco.

Njia ya pili ilikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ni tanuru la umeme. Skrepu huwekwa kwenye chungu kikubwa, nguzo za grafiti hushushwa juu yake, umeme mkali huruka kati ya nguzo na chuma, na joto la mruko huo huyeyusha kila kitu. Hakuna mawe, hakuna koki. Kiwanda chake ni kidogo, hujengwa kwa sehemu ndogo tu ya gharama ya kiwanda kikubwa, na kinaweza kuwekwa karibu na wateja na mahali skrepu inapopatikana.

Lakini tanuru hilo lilikuwa na kasoro inayotokana na skrepu yenyewe. Gari bovu linapopondwa, nyaya zake za shaba na mota zake ndogo huchanganyika na chuma. Uchafu mwingine unaweza kuondolewa kwa kuunguzwa na hewa ya oksijeni, ila shaba haiondoki kwa njia hiyo; hubaki ndani. Chuma hicho kinapopashwa moto na kubanwa kwenye rola, shaba hujikusanya chini ya ngozi yake na kuleta nyufa ndogo ndogo usoni. Kwa bati la mlango wa gari, hiyo ni sababu ya kutosha ya kukataliwa. Kwa nondo itakayofukiwa kwenye zege, si tatizo.

Hapo ndipo aliposimama Ken Iverson. Mwaka 1965 alikabidhiwa uongozi wa kampuni iliyokuwa ukingoni kufilisika, iliyoitwa Nuclear Corporation of America. Biashara moja iliyokuwa ikileta faida ndani yake ilikuwa ya Vulcraft, iliyotengeneza fremu za chuma za kubebea mapaa. Iverson alitaka vyuma vya bei nafuu vya kuilisha, basi akajenga kiwanda kidogo cha tanuru la umeme huko Darlington, Carolina ya Kusini, kilichoanza kazi mwaka 1969. Miaka mitatu baadaye kampuni ikabadili jina na kuitwa Nucor. Hakuwa amepanga kuipindua sekta nzima. Alitafuta malighafi ya bei rahisi kwa mafundi wake.

Viwanda vidogo vya aina hii vilipoanza kuuza nondo, gharama yao kwa tani ilikuwa chini ya ile ya viwanda vikubwa kwa takriban asilimia 20, kwa hesabu ya Christensen. Je, wakubwa wangepaswa kupigana? Tuwatazame kwa haki, tukikaa kwenye kiti chao. Nondo zilikuwa asilimia 4 hivi tu ya tani zote za sekta, na faida yake ghafi ilikuwa kama asilimia 7. Juu yake kulikuwa na fito na vyuma vya pembe vyenye faida ya asilimia 12, juu yake tena mihimili ya majengo makubwa yenye asilimia 18, na kileleni chuma bapa cha magari, majokofu na makopo, ambacho kilikuwa zaidi ya nusu ya soko na kulipa asilimia 25 hadi 30.

Sasa tupige hesabu ndogo kwa namba za mfano. Kampuni inauza bidhaa za shilingi 100. Shilingi 20 ni nondo, zinazoleta faida ya shilingi 1.40. Shilingi 80 ni mihimili, inayoleta shilingi 14.40. Jumla ni shilingi 15.80, yaani asilimia 15.8 ya mauzo. Mkurugenzi akiziacha nondo na kuitumia nafasi ile ile ya kiwanda kutengeneza mihimili zaidi, faida yake inapanda hadi asilimia 18. Wanahisa watafurahi, na bei ya hisa itapanda. Meneja anayetetea nondo mbele ya bodi atakuwa anaomba fedha zichukuliwe kutoka kwenye bidhaa bora na kupelekwa kwenye bidhaa duni, kwa wateja wasio na uaminifu ambao humhama muuzaji kwa tofauti ya senti chache. Nani angemsikiliza?

Basi wakubwa waliziachia nondo bila vita, na taarifa zao za fedha zikaonyesha kwamba wamefanya vyema. Kwa muda, pande zote mbili zilipata faida. Wadogo walifaidi kwa sababu bei ya nondo iliwekwa na kampuni kubwa ya mwisho iliyokuwa bado sokoni kwa gharama kubwa, na wao wakauza chini yake kidogo tu. Kisha mwaka 1979 kampuni kubwa ya mwisho ikaondoka kwenye nondo, na bei ikaporomoka kwa asilimia 20.

Kuporomoka huko ndiko ninakokuona kuwa kiini cha jambo lote. Mwenye bei rahisi hufaidi pale tu anaposhindana na mwenye bei ghali. Akishabaki na wenzake walio na gharama sawa na yake, faida huyeyuka, na hana pa kuifuata isipokuwa ngazi inayofuata. Kwa hiyo wadogo hawakupanda kwa tamaa peke yake. Walisukumwa na njaa. Wakajifunza kuchambua skrepu vizuri zaidi, kudhibiti joto na kununua rola bora, na wakaingia kwenye fito na vyuma vya pembe. Bodi za wakubwa zikafanya hesabu ile ile na kufikia jibu lile lile: tuwaachie, tupande juu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ngazi hiyo nayo ilikuwa imekwenda.

Ikafuata mihimili. Wengi waliamini kwamba hapo wadogo hawatafika, kwa kuwa mhimili mkubwa wa ghorofa unahitaji mitambo mikubwa na uzoefu mrefu. Bethlehem ilikuwa ikiviringisha mihimili mipana katika mji wake wa Pennsylvania tangu mwaka 1908, na sifa yake duniani ilijengwa juu yake. Mwaka 1988 Nucor na kampuni ya Kijapani ya Yamato Kogyo zikafungua kiwanda cha mihimili hiyo huko Blytheville, Arkansas. Mwezi Novemba 1995 Bethlehem ikaacha kabisa kuzalisha chuma katika mji uliobeba jina lake.

Hapa inafaa kutenganisha aina mbili za ubunifu, maana watu wengi huzichanganya. Ubunifu wa kuendeleza ni ule unaomboreshea mteja bora wa leo bidhaa anayoinunua tayari, ili alipe zaidi au asihame. Ubunifu wa kupindua huanza na bidhaa ambayo mteja huyo angeikataa, lakini inamtosha mtu wa chini asiyehitaji ubora wote ule, au mtu ambaye hakuwa mteja kabisa. Kisha hupanda. Tofauti yao haimo katika ukubwa wa teknolojia. Tanuru la umeme lilikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne Iverson alipolitumia. Na katika miaka hiyo hiyo kampuni kubwa hazikuwa zimelala: zilitumia fedha nyingi mno kubadili mitambo yao ili chuma kisubiwe mfululizo, kikitoka kwenye kalibu kama utepe usiokatika badala ya kumiminwa pande kwa pande. Ilikuwa kazi ngumu ya uhandisi na iliboresha chuma kweli. Lakini ilikuwa ubunifu wa kuendeleza. Iliwanufaisha wateja waliokuwapo, na katika mashindano ya namna hiyo wakubwa kwa kawaida hushinda.

Kwa kipimo hicho, mambo mengi yanayosifiwa leo kuwa yamepindua soko hayakupindua kwa maana hii. Mwaka 2015 Christensen na wenzake waliandika kwamba hata Uber haistahili kuitwa hivyo, kwa kuwa ilianzia San Francisco kwa watu waliokuwa tayari wakipanda teksi, na iliwapa huduma bora kuliko waliyoizoea. Kampuni inaweza kuutikisa mji mzima na bado ikawa imepita njia nyingine.

Turudi kwenye chuma, maana ngazi ya juu kabisa ndiyo inayofundisha zaidi. Chuma bapa kilikuwa ngome ya wakubwa. Kwa njia ya kawaida husubiwa pande lenye unene wa milimita 200 hadi 250, kisha hupashwa moto na kupitishwa kwenye msururu mrefu wa rola hadi liwe jembamba. Msururu huo ulikuwa ghali kiasi kwamba kiwanda kidogo hakikuweza kuununua. Ndipo kampuni ya Kijerumani ya SMS Schloemann-Siemag ilipobuni kalibu iliyosubu pande lenye unene wa milimita 50 hivi. Kazi kubwa ya kulipunguza ikawa imekwisha kabla hata ya kufika kwenye rola, na msururu ukafupika.

Mashine hiyo haikuwa siri. Wakubwa nao waliichunguza. Waliona kwamba uso wa chuma chake haukuwa laini vya kutosha kwa watengenezaji magari, ambao ndio wateja wao bora, wakachagua kuendelea na kusubu mapande mazito. Walikuwa sahihi kuhusu ubora: bati la kwanza kutoka kwenye mashine hiyo halikufaa kwa nje ya gari. Nucor iliijenga huko Crawfordsville, Indiana, na mwaka 1989 ikaanza kuuza kwa wale wasiojali uso, watengenezaji wa mabomba, mabati ya ujenzi na vitu vinavyofichwa ndani ya vingine. Baada ya hapo ubora ukapanda mwaka hadi mwaka. Tatizo la shaba nalo likapunguzwa kwa kuchanganya skrepu na chuma kipya kilichosafishwa kwa gesi, kisichokuwa na shaba ndani yake.

Kulikuwa na mtego mwingine, nao hauonekani kwa urahisi. Tuseme, kwa namba za kubuni, kwamba tani moja katika kiwanda cha zamani hugharimu dola 350 ukihesabu kila kitu, na katika kiwanda kipya kidogo hugharimu dola 260. Kila mtu angesema jenga kipya. Lakini mhasibu wa kampuni kubwa haulizi hivyo. Yeye anajua kwamba kiwanda cha zamani kimekwisha kulipiwa, na kina nafasi tupu. Tani moja ya ziada ndani yake itahitaji malighafi, umeme na vibarua tu, tuseme dola 200. Kwa nini basi akope mamilioni ajenge kinachozalisha kwa dola 260? Hesabu yake haina kosa hata moja, na akiirudia kila mwaka itampa jibu lile lile kila mwaka. Mgeni hana kiwanda cha zamani, kwa hiyo analinganisha 260 na 350 na kujenga. Siku moja mwenye kiwanda cha zamani analazimika kukijenga upya, na hapo anagundua kwamba gharama yake halisi ilikuwa 350 siku zote.

Nimeona watu wakisoma habari hizi na kuhitimisha kwamba wakurugenzi wale walikuwa wavivu au walevi wa sifa. Siamini hivyo, na naona hitimisho hilo ni la hatari, kwa kuwa linamfanya msomaji ajione salama: mimi si mvivu, basi halitanipata. Wateja waliwaambia wakubwa wanataka nini, nao wakasikiliza. Wanahisa walidai faida bora, nao wakaifuata. Fedha ndani ya kampuni hazifuati maneno ya mkurugenzi mkuu kwenye mkutano wa mwaka. Hufuata uamuzi wa mameneja wa kati wanaochagua ombi lipi wapeleke juu na lipi walizike kimya. Meneja anayepimwa kwa asilimia ya faida hatapeleka ombi la nondo, hata bosi wake akihubiri ubunifu kutwa.

Nadharia hii ina mipaka yake, na ni uungwana kuisema. Mwaka 2014 mwanahistoria wa Harvard, Jill Lepore, aliikosoa vikali, na sehemu ya ukosoaji wake ilikuwa kwamba mifano ya Christensen ilichaguliwa na kusimuliwa kwa namna iliyoifaa hoja. Kwa upande wa chuma, ni kweli kwamba viwanda vidogo havikuwa mzigo pekee. Mgomo wa mwaka 1959 ulidumu siku 116 na kuufungulia mlango wa Marekani chuma kutoka nje, ambacho hakikuondoka tena. Kampuni kubwa pia zilikuwa zimeahidi pensheni na matibabu kwa wastaafu waliokuja kuwazidi wafanyakazi kwa mbali. Bethlehem iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi Oktoba 2001, na mwaka 2003 wastaafu wake na wategemezi wao wapatao 95,000 wakapoteza bima ya afya. Watu hao ndio waliolipa. Hawakuwamo kwenye bodi yoyote iliyoamua kuziacha nondo.

Na si kila mkubwa huanguka. Christensen aliwahi kumsimulia Andy Grove, kiongozi wa Intel, habari ya viwanda vidogo vya chuma. Wakati huo kompyuta za bei ya chini zilikuwa zikianza kutumia chipu rahisi za washindani, na Intel ilikuwa na kila sababu ya kihesabu ya kuwaachia, kama zile bodi za chuma zilivyofanya. Grove aliona kwamba kompyuta hizo ndizo nondo zake. Mwaka 1998 Intel ikatoa chipu ya bei nafuu iliyoitwa Celeron, ikijua kwamba ingeweza kuyala mauzo ya chipu zake ghali. Toleo la kwanza lilikuwa dhaifu, likarekebishwa ndani ya mwaka ule ule, na Intel ikabaki na ngazi ya chini.

Ninachomwomba msomaji aliye ndani ya kampuni kubwa, iwe benki, bima, gazeti au kiwanda, ni kuchunguza jambo moja mahususi. Chukua taarifa za miaka kumi na utazame ni wateja gani mmewaachia wengine kwa furaha. Wateja waliokuhama huku ukiwalilia si dalili ya ugonjwa huu, kwa kuwa hapo ulipigana. Dalili ni wale uliosema afadhali wameondoka, na faida ikapanda kweli baada ya kuondoka kwao. Ukishawajua, uliza nani anawahudumia sasa, na kama ubora wake unapanda mwaka hadi mwaka. Kama unapanda, usiwape kazi hiyo mameneja wanaopimwa kwa faida ya bidhaa zako bora. Anzisha kitengo cha pembeni kinachoweza kuishi kwa faida ndogo na kushangilia oda ndogo, na ukipime kwa gharama yote ya tani nzima, si kwa gharama ya tani ya ziada.

Leo takriban asilimia 70 ya chuma cha Marekani hutoka kwenye matanuru ya umeme, na Nucor ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote nchini humo. U.S. Steel nayo hatimaye ilipata kiwanda chake cha tanuru la umeme cha chuma bapa, kile cha Big River huko Arkansas. Haikukijenga. Ilinunua asilimia 49.9 ya hisa mwaka 2019 na zilizobaki mwezi Januari 2021, kwa jumla ya dola zaidi ya bilioni 1.4 bila kuhesabu madeni, miaka 52 baada ya Iverson kuwasha tanuru lake la Darlington.